Noti Tatu za Honi

Siku hizi ukisema tarumbeta, mtu anakuonyesha kitu chochote kinachong'aa na kupiga kelele. Tromboni kwake ni tarumbeta, saksafoni ni tarumbeta, hata spika mbovu iliyofungwa juu ya gari nayo ni tarumbeta. Sishangai. Asiyejali kitu hana haja ya kujua jina lake. Lakini nilimjua mtu ambaye maisha yake yalikatika vipande viwili kwa ajili ya tofauti hiyo wanayoipuuza, na kwa kuwa waliomjua wengine wote wametangulia, nitamsimulia mimi kabla sijawafuata.

Alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Mji mzima ulimwita Honi. Alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza katika bendi ya manispaa, na mimi nilikuwa mpiga klarineti katika bendi hiyohiyo. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, mkimya kupita kiasi. Mdogo wangu alikuwa akisema mumewe anaweka maneno akiba, maana mdomo wake una kazi nyingine.

Alipokuja kuposa, marehemu baba alimuuliza anafanya kazi gani. Honi alikuwa mkweli mpaka inaudhi. Akajibu, "Natetemesha midomo, mzee."

Baba akamtazama. "Hata farasi hutetemesha midomo. Ila hajaja kuposa kwangu."

Mdogo wangu alicheka nyuma ya mlango mpaka mama akamfinya. Nadhani ndoa ilifungwa pale pale, mengine yalikuwa taratibu tu.

Ila Honi hakuwa anatania. Ndivyo kazi ile ilivyo. Tarumbeta halina sauti ndani yake. Ni bomba la shaba lililokunjwa, lina kikombe kidogo cha kupulizia upande mmoja na domo lililopanuka upande wa pili. Ukilipulizia pumzi tupu, utasikia pumzi tupu. Sauti inaanzia kwenye midomo ya mtu. Unaikaza, unaibana, unasukuma pumzi katikati yake mpaka itetemeke kama bawa la nyuki, na bomba linachukua mtetemo ule mdogo na kuufanya uwe kitu cha kusimamisha watu barabarani. Ukikaza midomo zaidi, noti inaruka juu. Ukilegeza, inashuka. Vile vibonyezo vitatu vinaongeza urefu wa njia ya pumzi tu, ili kujaza noti zilizo kati ya ngazi moja na nyingine. Mpigaji anaweza kuruka kutoka noti ya chini hadi ya juu bila kugusa kibonyezo hata kimoja, kwa midomo peke yake.

Sisi wa klarineti na saksafoni tulikaa benchi za mbele, wao wa shaba benchi za nyuma. Chumba cha mazoezi kilikuwa kirefu, madirisha yako juu karibu na dari, na sakafu ya nyuma ilikuwa na madoa ya maji siku zote kwa sababu wale jamaa humwaga maji kutoka kwenye mabomba yao kila wimbo unapoisha. Tuliwaita watema mate. Kwa haki, mengi si mate, ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji kwenye shaba ya baridi. Wao walituita watafuna vijiti, kwa sababu chombo chetu kinaongea kwa ulimi wa utete: kipande chembamba cha tete kilichochongwa mpaka ncha yake iwe kama ukucha wa mtoto, kikafungwa kwa pete juu ya kipulizio. Pumzi ikipita, ulimi ule unafunga na kufungua, unafunga na kufungua, na sauti inatoka hapo. Midomo yetu haitetemeki. Kazi yake ni kushika na kunyamaza.

Honi alipokuwa akirudi nyumbani jioni, alisimama kwenye kona ya duka la fundi cherehani, akatoa tarumbeta kwenye mkoba, akapiga noti tatu. Ya chini, ya kati, ya juu. Hakubonyeza kitu. Kisha akarudisha tarumbeta kwenye mkoba na kutembea. Mdogo wangu akizisikia alibandika maji ya chai, na Honi alipofika mlangoni maji yalikuwa yameanza kuimba. Hawakupata mtoto. Walikuwa na noti tatu na birika. Majirani nao walizizoea, kiasi kwamba fundi cherehani alikuwa akifunga duka kwa noti zile. Ukiuliza leo nani anafunga duka kwa sauti ya mtu, utaonekana umechanganyikiwa.

Mdomo ulimkatika wakati wa maandamano marefu ya manispaa, jua la mchana likiwa kichwani. Bandmasta wetu alipenda nyimbo za juu, na mpiga tarumbeta wa pili alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Honi alibeba sehemu za wawili. Midomo ilipochoka akafanya lile ambalo kila mpiga shaba anaonywa asifanye: akaligandamiza tarumbeta usoni, ili shaba imsaidie kukaza. Nilikuwa mbele yake. Nilisikia noti ikipasuka, halafu upepo. Nilipogeuka, tarumbeta lilikuwa limeshuka na yeye ameshika mdomo wa juu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeumwa na nyigu.

"Kuna uzi umekatika humu ndani," akaniambia.

Daktari alisema karibu vivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Kuna msuli unaouzunguka mdomo kama pete, na wake ulikuwa umechanika juu, katikati kabisa, pale kikombe cha tarumbeta kinapokaa. Angeweza kula, kuongea, kunywa. Kupiga mluzi hangeweza. Tarumbeta asahau.

Mdomo wa juu ndio wenye kazi kubwa ya kutetemeka, kwa hiyo hata bomba kubwa la besi lisingemkubali. Tulimjaribisha. Likatoa sauti kama ng'ombe mwenye mafua, kisha likanyamaza.

Bandmasta hakutaka kumpoteza. Alikuwa mtu mzuri mwenye haraka, aliyepata cheo kwa sababu ya sauti kubwa na buti safi. Akaenda kabatini, akarudi na saksafoni ya zamani.

"Honi, kama lile limekushinda, shika hili. Shaba ni shaba."

Benchi la nyuma likacheka, la mbele likacheka zaidi. Saksafoni imeumbwa kwa shaba, kweli, lakini ukoo wake ni wetu, wa klarineti na zumari, wanaoitwa watu wa mbao. Ukoo wa chombo hauangaliwi kwa ngozi yake. Unaangaliwa kwa kinachoamsha sauti, na saksafoni inaamshwa na utete, halafu noti zinabadilishwa kwa kufungua na kuziba matundu ubavuni. Kumwita saksafoni ndugu wa tarumbeta ni kumwita popo ndege.

Lakini bandmasta alikosea njia akafika. Kwenye saksafoni, meno ya juu yanakaa juu ya kipulizio, na mdomo wa chini ndio unaokunjwa kidogo kuwa mto wa utete. Mdomo wa juu unaziba tu, pumzi isitoroke. Na Honi alichochanika ni mdomo wa juu. Kati ya vyombo vyote mle ndani, bandmasta alikuwa amemchagulia ukoo ule ule ambao bado ungemkubali, na alikuwa amefanya hivyo kwa ujinga mtupu.

Kazi ya kumfundisha ikaniangukia mimi. Siku ya kwanza alikaza midomo kwa mazoea, akasukuma. Chombo kikalia kama mlango.

"Usitetemeshe," nikamwambia. "Tulia. Acha kijiti kiseme."

Akajaribu tena. Safari hii noti ikatoka, laini, ya katikati. Akakitoa chombo kinywani na kukitazama.

"Shemeji, hii si mimi."

"Ni wewe. Pumzi ya nani?"

"Pumzi tu. Mwingine anaongea, mimi namshikia mlango."

Nimetafuna kijiti tangu ujana wangu, na sikuwahi kufikiria kwamba nashikia mtu mlango.

Alijifunza, maana hakuwa mvivu. Mwaka haukuisha akawa anakaa benchi la mbele pembeni yangu, mgongo ukiwa umeelekea kwa wale wenzake wa zamani. Lakini kwenye kona ya fundi cherehani hakusimama tena. Alipita kimya, mkoba mkubwa ukimgonga goti. Mdogo wangu hakumuuliza. Akaanza kubandika maji kwa kuangalia kivuli cha ukuta, na mara nyingi chai ilipoa.

Kisha mdogo wangu akaugua. Ini, walisema, na baadaye ugonjwa ukapanda kichwani. Kuna siku alikuwa mzima wa akili, akinitania kuhusu kipara changu, na kuna siku alikuwa amerudi miaka mingi nyuma, anakemea paka aliyekufa zamani. Kitanda chake tulikiweka karibu na dirisha la barabarani. Jirani mmoja, mama mjane tuliyemwita Dada wa Pili, alikuja kusaidia kumwogesha na kumlisha.

Shida ilianza siku mdogo wangu alipokataa uji.

"Nitakula na mume wangu," akasema.

Honi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bakuli mkononi. "Mimi hapa, bibie."

Akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Asante, baba. Lakini mume wangu hajafika. Angefika ningemsikia."

Tulidhani itapita. Kesho yake ikawa vilevile, akakataa na dawa. Usoni alianza kubonyea. Dada wa Pili alijaribu hila zote za mama wa watoto wadogo, kijiko kuwa ndege, kijiko kuwa mkono wa bibi, akaambulia kutemewa. Mdogo wangu alikuwa amegeuza sikio dirishani. Alisubiri noti tatu, na pasipo noti tatu mume hajaja, na mume asipokuja mke mwenye heshima hali.

Nikamwambia Honi, "Tumwite tarumbeta wa pili apige pale kona."

Hakuwahi kunikasirikia ila siku ile. "Mwanamume mwingine amwite mke wangu?"

"Shemeji, ni noti tatu tu."

"Kama ni tatu tu, mbona huniambii nimwazime na jina langu?"

Hakuna aliyewahi kuzinasa noti zile kwenye kanda. Nani hurekodi mlango wa nyumba yake ukifunguliwa?

Mimi ndiye niliyekuja na wazo la kuchanganya koo zile mbili. Nilifikiri hivi: kinachomshinda ni midomo, bomba ni zima. Basi tuondoe kile kikombe, tufunge kipulizio cha saksafoni chenye utete kwenye bomba la tarumbeta. Kijiti kitetemeke badala ya midomo, shaba ifanye kazi yake, na mdogo wangu asikie tarumbeta. Tulikaa uani nyuma ya nyumba, tukazungushia shingo ya bomba kitambaa na utepe mpaka kipulizio kikashika. Honi akafunga macho, akapuliza.

Sauti ilitoka, hilo siwezi kukataa. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na chini kuliko nilivyotegemea. Alipotafuta noti ya pili, haikuwa mahali pake. Ile ngazi tuliyoizoea ilikuwa imevunjika vidato. Utete haukubali kukazwa na kurushwa kama midomo, na bomba lililofungwa kipulizio kisicho chake linakuwa bomba jingine. Akahangaika, shingo imemtoka mishipa.

Kupitia mlango wa nyuma tukasikia sauti ya mdogo wangu, dhaifu, lakini ya yule yule wa zamani. "Kaka, mnachinja mbuzi huko?"

"Hapana, mdogo wangu."

"Kama mnachinja, mmalizeni upesi. Anateseka."

Tulicheka, mimi na Honi, tukaegemea ukuta tukacheka mpaka Dada wa Pili akatoka kutuangalia. Kisha Honi akafungua utepe polepole na kupangusa kila kipande peke yake. Hakucheka tena mbele yangu.

Lililobaki ni saksafoni. Alichagua utete mwenyewe, akajaribu mmoja baada ya mwingine juani, akakwaruza ncha kwa kiwembe ili sauti ing'ae kidogo. Noti tatu zikapata vidole. Ya chini na ya juu zinashikwa kwa vidole vilevile vitatu vya mkono wa kushoto, tofauti ni kitufe cha kidole gumba kinachoipandisha ile ya juu. Na ya kati inataka matundu yote sita yazibwe. Nilimsikia akifanya mazoezi kwenye chumba cha bendi wengine wakiwa wameondoka. Zilikuwa noti zilezile kabisa. Nilizipima kwa klarineti yangu. Hakuna aliyeweza kusema si zile.

Jioni alisimama kwenye kona. Duka la fundi cherehani lilikuwa halipo tena, palikuwa na kibanda cha kuchaji simu, na vijana wa kibanda walimtazama mzee mwenye bomba la kupinda wakagusana viwiko. Mimi nilikuwa chumbani kwa mdogo wangu. Dada wa Pili alikuwa ameshika bakuli la uji tayari.

Noti ya chini ikaja. Ya kati. Ya juu. Ziliteleza kutoka moja hadi nyingine, tamu, za mviringo, kama mtu anayepanda ngazi zilizotandikwa zulia. Nilisimama. Kwa sikio langu lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kupiga kwa chombo kile.

Mdogo wangu aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Kwa muda uso wake ulifunguka. Kisha ukafunga.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mumeo," nikasema.

"Acha utani, kaka. Mume wangu akipiga, noti zinapigana ngumi. Moja inaiangusha nyingine. Huyu anabembeleza." Akarudisha kichwa. "Mwambie huyo bwana asituzibie barabara. Mume wangu atashindwa kupita."

Honi aliingia, mkanda wa saksafoni bado uko shingoni. Alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Akavua mkanda, akakilaza chombo sakafuni kwa uangalifu, akaenda kwenye ukuta ambapo mkoba wa tarumbeta ulikuwa umetundikwa. Bomba hakulitoa. Alitoa kile kikombe cha kupulizia tu, kidogo cha kutosha ngumi ya mtoto, akakipangusa kwenye shati.

Akakiweka pembeni mwa mdomo, kwenye kona ya kushoto, mbali na jeraha. Wapiga shaba wa kweli hawaweki hapo. Akabana alichoweza kubana.

Ilitoka kama nyuki aliyenaswa ndani ya kiberiti. Bila bomba, tarumbeta ni hilo tu, ni midomo ikitetemeka kwenye chuma. Ikapanda kidogo. Ikayumba. Ile ya tatu ilipasuka, ikawa upepo, ikarudi, ikapasuka. Damu kidogo ilimtoka kwenye mdomo wa juu.

Mdogo wangu aligeuza uso upande ule.

"Umechelewa," akamwambia. "Maji yamekauka."

"Nisamehe, bibie. Kazi ilikuwa nyingi."

"Kaa basi. Kaka naye amekuja, mpeni kiti."

Akala. Alikula vijiko vya uji kama mtu aliyetoka shambani, na dawa akameza bila kukunja uso, akimsimulia Honi habari za paka. Dada wa Pili alitoka nje ili asilie mbele yetu.

Laiti ingeishia hapo. Wanaosimulia siku hizi wangeikatia hapo, wapigiwe makofi waende nyumbani. Lakini mdomo uliochanika hauponi kwa kutumiwa. Kila jioni alitetemesha kwenye kile kikombe, na kila jioni ilikuwa vigumu zaidi. Alianza kusogeza kikombe huku na huko, akitafuta sehemu ambayo bado ina uhai. Asubuhi alishindwa kunywa chai ya moto. Nilimkanya. Nilimwambia daktari alisema nini.

"Daktari anakula jioni," akanijibu. "Na mke wangu naye ale."

Ukaja uvimbe. Siku ile mdomo wake wa juu ulikuwa kama umebandikwa kipande cha nyama ya mtu mwingine, umekakamaa, unang'aa. Alikaa kitandani, akaweka kikombe upande wa kushoto, akapuliza. Pumzi ikapita. Upande wa kulia. Pumzi. Akaweka chini kabisa, karibu na kidevu, mahali pasipo na maana. Pumzi tupu ikapita kwenye kikombe kama inavyopita chini ya mlango.

Mdogo wangu alikuwa ametega sikio dirishani. Honi akamshika mkono.

"Bibie, nimefika."

"Asante, baba," akasema kwa ile adabu yake. "Ukimwona njiani, mwambie namsubiri."

Hakula siku ile wala iliyofuata, na uvimbe haukushuka kwa wakati. Alikufa akimsubiri mtu aliyekuwa amemshika mkono. Nilikuwepo, niliona mkono ule, na tangu hapo watu wakinieleza habari za faraja huwa naangalia pembeni.

Mazishini bendi ilikuja yote, kwa heshima yake. Bandmasta, ambaye alikuwa na moyo mwema hata alipokuwa hajui analofanya, alimwambia Honi asimame na wenzake wa shaba, safu ya nyuma, na saksafoni yake. "Ni tarumbeta vilevile," akasema. Honi akatikisa kichwa, akaja kusimama kando yangu, kwenye safu ya watafuna vijiti, mahali pake. Uvimbe ulikuwa umepungua. Alipiga sehemu yake yote bila kukosea noti moja, na mdomo wake haukutetemeka hata kidogo.

Aliishi miaka mingine baada ya hapo, lakini sina cha kuisimulia. Bendi ilivunjwa. Chumba cha mazoezi sasa wanahifadhi viti vya plastiki vya kukodisha, na sakafu ya nyuma imekauka. Harusi zinakuja na gari la spika, mazishi yanakuja na gari lilelile. Nilimkuta mara kadhaa jioni amesimama kwenye ile kona, mkono mfukoni, na nilijua mfukoni mna nini kwa sababu shati lilikuwa limechanika pale kwa uzito wa chuma. Hakukitoa. Alisimama kiasi cha noti tatu, kisha akatembea kwenda kwenye nyumba ambayo maji hayakuwa yamebandikwa.